A zimeongezeka: wanafunzi wamekuwa bora, au mkono wa kusahihisha umekuwa mwepesi?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkuu wa idara katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Nimetoa matokeo ya miaka minane kwenye mfumo. Wastani wa pointi umetoka 3.07 hadi 3.55, na A zimetoka asilimia 9 hadi asilimia 21 ya gredi zote. Kwenye kikao, wenzangu wamegawanyika: wengine wanasema tunagawa alama, wengine wanasema vijana wa sasa wanajituma zaidi. Nipimeje ili nipeleke bodini kitu chenye uzito?*

Marahaba, ndugu Mkuu wa Idara.

Namba zako mbili zinathibitisha jambo moja tu: gredi zimepanda. Hazisemi kwa nini. Mfumuko wa gredi ni pale kazi ya kiwango kilekile inapopewa gredi kubwa kuliko ilivyopewa zamani, na hilo halionekani kwenye wastani peke yake, hata ukichora grafu nzuri kiasi gani. Kazi yako ni kumenya ongezeko hilo ganda kwa ganda: kwanza uondoe linalotokana na takwimu zenyewe, kisha linalotokana na mabadiliko ya kozi, halafu kinachobaki ukipime kwa kusahihisha upya skripti za zamani na za sasa. Wengi huishia kwenye hatua ya kwanza, wakaanza kulaumiana.

Tuanze na data, kwa sababu hapo ndipo nimeona tathmini nyingi za aina hii zikiharibika. Mwombe msajili akupe safu moja kwa kila mwanafunzi katika kila kozi: mwaka wa masomo, msimbo wa kozi, krediti, mhadhiri, alama za kosiweki, alama za mtihani wa mwisho, jumla, gredi, na kama ni mara ya kwanza au ni sapu. Usikubali kupewa wastani uliokwisha kukokotolewa. Tumia gredi za mara ya kwanza peke yake. Katika vyuo vyetu vingi aliyefaulu kwa sapu hawezi kuvuka C, hivyo ukichanganya sapu na mtihani wa kawaida, mwaka wenye sapu nyingi utakuwa na C nyingi za kanuni ambazo hazikutokana na ukali wa msahihishaji. Vilevile, mfumo unaomwandika mwanafunzi upya baada ya sapu unaweza kuwa umefuta E yake ya kwanza, na hapo wastani wa miaka ya nyuma utaonekana mzuri kuliko ulivyokuwa.

La pili katika data ni waliodisko. Ukiomba matokeo ya wahitimu, unapata waliobaki tu. Kama zamani idara ilikuwa inadisko wengi mwaka wa kwanza na sasa inadisko wachache, au kinyume chake, wastani wa wahitimu utasogea hata kama hakuna mhadhiri aliyebadilisha chochote. Kwa hiyo chukua kila aliyefanya mtihani, awe alihitimu au alikwama njiani, na uandike kanuni hiyo juu ya jedwali lako ili atakayekuja baada yako afanye vilevile.

Sasa namba mbili zenyewe. Nadhani unatumia mfumo uliozoeleka wa A kuwa pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2, D pointi 1 na E sifuri, A ikianzia 70. Nimetengeneza mgawanyo wa mfano unaotoa namba zako. Mwaka wa kwanza, katika kila gredi 100 kuna A 9, B+ 24, B 38, C 24, D 4 na E 1. Pointi zake ni 307, wastani 3.07. Mwaka wa nane kuna A 21, B+ 33, B 30, C 13, D 2 na E 1. Pointi 355, wastani 3.55. Badala yake weka mgawanyo halisi wa idara yako, lakini huu unatosha kuonyesha njia.

Kwa nini tusitosheke na wastani? Chukua mgawanyo ule wa mwaka wa kwanza na uubadilishe kwa njia mbili tofauti. Katika njia ya kwanza, wanafunzi 12 wanatoka C kwenda B, na wengine 12 wanatoka B kwenda B+. Katika njia ya pili, wanafunzi 12 wanatoka B moja kwa moja hadi A, wengine wote wanabaki walipokuwa. Kila njia inaongeza pointi 24, na wastani unakuwa 3.31 katika zote mbili. Lakini A za njia ya kwanza zimebaki asilimia 9, na za njia ya pili zimefika asilimia 21. Njia ya kwanza inafanana na idara iliyowainua wanafunzi wa kati na wa chini, pengine kwa semina ndogo au kwa kosiweki iliyosimamiwa vizuri. Njia ya pili inafanana na idara ambayo mstari wa 70 umelegea. Wastani hauwezi kuzitofautisha.

Asilimia ya A nayo ikisimama peke yake inapotosha, kwa sababu inategemea mpaka mmoja tu. Kozi ambayo wanafunzi wengi walipata kati ya 67 na 69 ikiongezewa alama tatu kwa kila mtu itarusha A juu kwa kishindo, ilhali kozi ambayo wengi wako kwenye 55 itaongezewa alama zilezile na A zisitikisike. Ndiyo maana namba hizi mbili ziwekwe ukurasa mmoja, mwaka kwa mwaka, na chini yake uweke ya tatu: wastani wa alama ghafi kwa asilimia. Gredi ya juu ina dari. Mwenye 71 na mwenye 92 wote ni A, wote ni pointi 5. Kadiri A zinavyoongezeka ndivyo wastani wa pointi unavyopunguza mwendo, hata kama alama ghafi zinaendelea kupanda kama zamani. Ukiangalia pointi tu miaka ya mwisho, unaweza kudhani hali imetulia.

Ukiwa na alama ghafi mkononi, hesabu jambo moja zaidi linalochukua dakika chache. Katika kila mwaka, ni wanafunzi wangapi wamepata 67, 68, 69, 70, 71, 72? Kwa kawaida idadi hiyo hushuka taratibu kutoka 67 kwenda 72. Ukikuta 68 na 69 karibu hazipo na 70 imejaa, ujue kuna mtu anasukuma wanafunzi juu ya mpaka. Kusukuma huko si lazima kuwe kosa, maana bodi nyingi hupitia upya skripti zenye 69 na kuamua. Kinachokuhusu wewe ni kama kumezidi. Kama mwaka wa kwanza kulikuwa na 69 chache na mwaka wa nane hakuna hata moja, umepata sehemu ya ongezeko lako la A ambayo haihusiani na elimu ya mwanafunzi. Kabla ya kumshuku mtu, angalia pia kama mfumo wenyewe ulianza kukadiria 69.5 kuwa 70 mwaka fulani. Hilo hutokea kimyakimya mfumo unapobadilishwa.

Tuje kwenye mchanganyiko wa kozi. Ganda hili husahaulika mno, nalo linamenywa kwa hesabu ya darasa la saba. Idara hubadilika: mitaala inapopitiwa, kozi za lazima zenye mtihani hupungua, za hiari huongezeka, miradi na mafunzo kwa vitendo hupewa nafasi kubwa zaidi. Miradi na mafunzo kwa vitendo hutoa A nyingi kila mahali, tangu zamani. Kwa hiyo idara inaweza kuongeza A bila kozi hata moja kulegea. Imeongeza tu kozi ambazo siku zote zilikuwa na A nyingi.

Tugawe gredi za idara ya mfano katika makundi matatu. Mwaka wa kwanza, asilimia 70 ya gredi zote zilitoka kwenye kozi za lazima, asilimia 20 kwenye za hiari, asilimia 10 kwenye miradi na vitendo. A zilikuwa asilimia 6 katika za lazima, 12 katika za hiari na 24 katika miradi. Zidisha kila asilimia ya A kwa uzito wa kundi lake na ujumlishe: 4.2 na 2.4 na 2.4 ni 9. Mwaka wa nane uzito ni 50, 30 na 20, na A ni asilimia 13, 21 na 41. Jumla: 6.5 na 6.3 na 8.2 ni 21.

Sasa jiulize: A zingekuwa asilimia ngapi mwaka wa nane kama kila kundi lingebaki na ukarimu wake wa mwaka wa kwanza, na kilichobadilika ni uzito tu? Chukua asilimia 6, 12 na 24 za zamani, uzizidishe kwa uzito mpya wa 50, 30 na 20. Unapata 3 na 3.6 na 4.8, jumla 11.4. Kwenye jedwali la Excel, uzito mpya ukiwa safu ya C na asilimia za zamani safu ya D, ni mstari mmoja:

```
=SUMPRODUCT(C2:C4,D2:D4)/100
```

Kutoka 9 hadi 11.4 ni 2.4. Hiyo ndiyo sehemu ya mabadiliko ya mtaala. Kutoka 11.4 hadi 21 ni 9.6, na hiyo ilitokea ndani ya makundi yenyewe. Fanya hivyohivyo kwa wastani wa pointi. Kama mwaka wa kwanza makundi yalikuwa na 2.95, 3.20 na 3.65, uzito mpya unakupa takriban 3.17, yaani karibu sehemu moja ya tano ya ongezeko la 0.48. Namba zote mbili zinakwenda pamoja: moja ya tano ni mtaala, nne za tano ziko ndani ya kozi.

Mtu makini kwenye bodi anaweza kukuuliza kwa nini umetumia ukarimu wa zamani na uzito mpya, usifanye kinyume chake. Ana hoja. Ukichukua ukarimu wa mwaka wa nane na uzito wa mwaka wa kwanza unapata 9.1 na 4.2 na 4.1, jumla 17.4, na sehemu ya mtaala inakuwa 3.6 badala ya 2.4. Majibu yote mawili ni halali. Andika kwamba mtaala unaeleza kati ya 2.4 na 3.6 katika yale 12, nawe utakuwa umesema ukweli wote. Katika data yako halisi ningeshauri uende chini zaidi ya makundi, ufike kozi kwa kozi, ukilinganisha zile zilizofundishwa miaka yote minane kwa msimbo uleule. Kozi mpya na zilizofutwa uziweke kapu lao.

Baada ya hapo tazama umbo la ongezeko katika kila kozi kubwa. Je, lilipanda ngazi mwaka mmoja, au lilikwea polepole? Ngazi ina tarehe, na tarehe ina tukio: mhadhiri mpya, uwiano wa kosiweki na mtihani kubadilika, mtihani wa insha kuwa wa kuchagua majibu, mwaka wa 2020 vyuo vilipofungwa Machi na kufunguliwa tena Juni. Kanuni hii inafanya kazi hata kwenye kushuka. Kenya, mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa 2015 ulitoa A kamili zaidi ya 2,600. Wa 2016, baada ya serikali kubana usimamizi wa mtihani na kubadilisha utaratibu wa kusahihisha na kutoa matokeo, ulitoa A 141. Elimu ya taifa zima haiwezi kuporomoka hivyo katika miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni kipimo na ulinzi wake, na grafu yenyewe inakuonyesha pa kutafuta.

Kukwea polepole ni kugumu zaidi kuelezea, na kwa uzoefu wangu ndiko mfumuko wa kweli unakokaa. Hakuna siku mtu aliamua kulegeza. Kila mhadhiri anatazama A za mwenzake, anaona wanafunzi wake watakosa daraja la kwanza kwa sababu yake, anaongeza kidogo. Fomu za wanafunzi za kutathmini wahadhiri zikihusishwa na kupandishwa cheo, shinikizo linaongezeka. Tenga kosiweki na mtihani wa mwisho uone upandaji uko wapi. Mara nyingi mtihani wa mwisho, unaopitiwa na mtahini wa nje, umebaki karibu palepale, na kosiweki ndiyo iliyopanda kutoka wastani wa 24 hadi 31 kati ya 40. Ukikuta hivyo umepunguza eneo la kutafuta kwa zaidi ya nusu. Lakini usihukumu bado: kazi za vikundi, ambapo kundi zima hupata alama moja, huinua kosiweki bila mtu kulegeza chochote, kwa kuwa aliye dhaifu anabebwa na mwenye nguvu.

Niweke tahadhari moja kuhusu kozi ndogo. Kozi yenye wanafunzi 40 na A asilimia 15 kwa kawaida inaweza kuyumba kutoka karibu asilimia 5 mwaka mmoja hadi asilimia 25 mwaka mwingine kwa bahati tu ya nani alijiandikisha. Usimwite mhadhiri ofisini kwa sababu ya mwaka mmoja wa kozi ndogo. Unganisha miaka mitatu mitatu: mitatu ya mwanzo dhidi ya mitatu ya mwisho. Na hata jumla ya idara, ambayo inaonekana kuwa na maelfu ya gredi, si imara kama idadi hiyo inavyodai, kwa sababu mwanafunzi mmoja anatoa gredi kumi au zaidi kwa mwaka na zote zinafuata uwezo wake. Darasa moja lenye vijana wazuri linainua kozi zote kwa pamoja.

Hilo linatuleta kwa wenzako wanaosema vijana wa sasa ni bora. Wasikilize kwa dhati, inawezekana. Uingereza wamelipitia swali hili kwa upana kuliko wengi. Kule wahitimu wa daraja la kwanza walitoka takriban asilimia 16 mwaka 2010-11 hadi zaidi ya theluthi moja miaka kumi baadaye, na mamlaka inayosimamia vyuo vikuu vya Uingereza ikakokotoa ni wangapi wangetarajiwa kupata daraja hilo ukizingatia sifa walizoingia nazo na sifa nyingine za wanafunzi. Sehemu kubwa ya ongezeko ilibaki nje ya matarajio hayo. Waliiita isiyoelezeka, hawakuiita mfumuko, na naona walifanya sawa, kwa kuwa hesabu ile haiwezi kuona kama ufundishaji umeboreka.

Unaweza kufanya toleo dogo la hesabu hiyo. Wapange wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika makundi matatu au manne kwa matokeo yao ya kidato cha sita, kisha ulinganishe asilimia ya A ndani ya kila kundi, miaka ya mwanzo dhidi ya ya mwisho. Kama idara imepata waombaji bora, makundi ya juu yatakuwa yameongezeka watu, lakini asilimia ya A ndani ya kila kundi itabaki karibu ileile. Kama hata kundi la chini kabisa la waliodahiliwa sasa linapata A mara mbili ya lilivyopata zamani, udahili hauwezi kubeba lawama wala sifa yote. Kumbuka tu kwamba matokeo ya sekondari nayo ni gredi, na mipaka yake nayo imewahi kubadilishwa. Usilinganishe miaka iliyo pande mbili za mabadiliko ya mipaka hiyo kana kwamba B ya huku ni B ya kule.

Hadi hapa umepunguza wigo, lakini bado hujamjibu mtu anayesema tunafundisha vizuri zaidi. Jibu lake linapatikana kwenye makaratasi yenyewe, na hapa ndipo ningekuomba uweke nguvu na fedha kidogo ulizo nazo.

Chagua kozi mbili kubwa za lazima ambazo silabasi yake haijabadilika sana. Tafuta skripti za mtihani wa mwisho za miaka ya nyuma kabisa unayoweza kuipata, maana vyuo vingi huziteketeza baada ya muda, na za mwaka uliopita. Chukua 30 kutoka kila upande. Zichague kwa bahati nasibu kutoka orodha nzima. Usichague zile zilizopata A tu, hata kama ndizo zinazokukera. Karatasi iliyopata alama ya juu mara nyingi ilibahatika kidogo kwa msahihishaji wa kwanza, na ikisahihishwa upya itashuka hata pasipo mfumuko wowote. Ukichagua A peke yake utaona mfumuko kila mwaka, ukiwamo mwaka usiokuwa nao. Toa nakala zisizo na namba ya mtihani, mwaka wala alama za kalamu nyekundu. Zichanganye. Wape wasahihishaji wawili wasiofundisha kozi hiyo, kila mmoja peke yake, na miongozo ya usahihishaji iliyoandikwa upya kwa mtindo mmoja kwa mitihani yote miwili. Waombe pia, kabla hawajaanza, wakadirie mtihani upi ni mgumu zaidi, swali kwa swali. Mtihani mwepesi, hata ukisahihishwa kwa haki, utatoa alama kubwa, nawe utadhani ni maarifa.

Tuseme skripti za zamani zilikuwa na wastani wa 61 siku ile, na za sasa 68. Pengo ni 7. Baada ya kusahihishwa upya, za zamani zimepata 60 na za sasa 64. Pengo jipya ni 4. Mkono uleule, macho yaleyale, bado wa sasa wamewazidi wa zamani kwa alama 4: hiyo ni kazi iliyo bora kweli, ilimradi mitihani imekadiriwa kuwa na ugumu sawa. Alama 3 zilizoyeyuka ndizo ulegevu. Kwa idara ya namna hiyo wote wawili kwenye kikao chako wana sehemu ya haki, na sasa mnajua ni sehemu kiasi gani. Skripti 60 ni chache, kwa hiyo usiseme 3 kwa uhakika wa desimali. Sema kati ya moja na tano hivi, na uangalie kama kozi ya pili inasema vilevile. Kama wasahihishaji wako wawili wanapishana wao kwa wao kwa wastani wa alama 6, basi tofauti ya 3 haina uzito, na tatizo lako la kwanza ni miongozo ya kusahihisha.

Kama skripti za zamani zimeshateketezwa, tafuta maswali yaliyojirudia kwenye karatasi za mitihani ya nyuma. Kozi nyingi zina swali linalorudi kila baada ya miaka miwili mitatu karibu neno kwa neno. Alama za swali hilo moja, kama zimehifadhiwa kwenye fomu za mhadhiri, ni kipimo kizuri zaidi ya jumla ya mtihani. Udhaifu wake unaujua: wanafunzi hupeana mitihani ya nyuma, na swali lililozoeleka hupanda lenyewe. Soma majibu machache. Majibu yanayofanana sentensi kwa sentensi yanatoka kwenye noti moja, si kwenye uelewa.

Bodini peleka kurasa mbili. Ya kwanza iwe na wastani wa pointi, asilimia ya A na wastani wa alama ghafi kwa miaka yote minane, pamoja na mstari unaosema ni gredi zipi zimehesabiwa na mistari ya wima kwenye miaka ambayo kanuni zilibadilika. Ya pili igawe ongezeko la A: kiasi cha mtaala, kiasi cha udahili, kiasi kilichothibitika kuwa ubora kwa kusahihisha upya, kiasi cha ulegevu, na kiasi ambacho ushahidi wenu hautoshi kukigawa. Usifiche hicho cha mwisho. Majina ya wahadhiri yasiwepo. Taja kozi kwa misimbo tu pale inapobidi, na wenye kozi hizo uwe umeongea nao kabla, mmoja mmoja, wakiwa na data yao mbele yao. Baadhi watakupa maelezo ambayo mfumo haukuyajua.

Mtu atapendekeza kiwango cha juu cha A, labda asilimia 15 kwa kila kozi. Chuo Kikuu cha Princeton kilijaribu mwaka 2004 kwa kulenga A zisizidi asilimia 35 ya gredi za kozi za shahada ya kwanza, na mwaka 2014 kikaachana na lengo hilo baada ya malalamiko kwamba liliongeza hofu na ushindani kati ya wanafunzi. Kwa idara yenye kozi za watu 25, kikomo cha namna hiyo kingemnyima A mtu aliyeistahili kwa sababu tu alikaa darasa moja na wenzake wazuri. Ningependelea mwongozo wa kusahihisha wenye maelezo ya kazi ya A inavyoonekana, pamoja na skripti mbili tatu za mfano zilizokubaliwa na idara nzima, zinazosomwa na wasahihishaji wote kabla ya kila msimu wa mitihani.

Na anza muhula huu kuhifadhi skripti 20 kwa kila kozi kubwa, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, pamoja na mtihani wake na mwongozo wake, kwenye kabati lenye ufunguo kwa msajili wa mitihani. Omba kibali cha maandishi ili zisiteketezwe na nyingine. Atakayeshika kiti chako baada ya miaka mitano hatalazimika kukisia.